Unahama ofisi? Namna ya kumwandikia mwenye nyumba notisi: kifungu, tarehe ya kutoka na hali ya chumba



Leo tuongee jambo ambalo halina mvuto kama kupiga picha za bidhaa, ila linakula mtaji kimya kimya: kuondoka kwenye chumba ulichopanga kwa ajili ya biashara. Wengi wetu huku Ruaruke, Bungu, Kibiti mpaka Mbagala hatuna duka la kukaa na kusubiri mteja. Tuna chumba kimoja, tunakiita ofisi, humo tunaweka mzigo, tunafungasha, jioni tunapeleka kwenye basi. Siku ukiona kinabana, au wateja wako wengi wako upande mwingine, unataka kuhama. Hapo ndipo maneno yanaanza: "Hukunipa notisi." "Umeniharibia ukuta." "Amana yako imeisha kwenye matengenezo."

Maneno hayo yote yanazibwa na karatasi moja, barua ya notisi. Barua hiyo inabebwa na vitu vitatu: kifungu cha mkataba kinachokuruhusu kuondoka, tarehe kamili ya kutoka, na hali ya chumba unavyokiacha. Kikikosekana kimoja, barua inakuwa ya salamu tu. Na kati ya hivyo vitatu, kinachowagharimu watu pesa nyingi ni tarehe. Tutakaa hapo zaidi.

ANZA NA MKATABA, BARUA BAADAYE

Toa mkataba wako ulipo, usome wote. Unatafuta majibu ya maswali manne.

Mkataba unaisha lini? Kuna kifungu kinachoruhusu upande mmoja kuusitisha kabla ya muda, na kinataka notisi ya muda gani? Kodi inalipwa kwa mwezi, miezi mitatu, sita au mwaka, na ikishalipwa inarudishwa? Na kuhusu chumba, mkataba unasema ukikabidhi kiwe katika hali gani?

Ukishajibu hayo utajikuta kwenye moja ya hali tatu, na kila moja ina barua yake.

Hali ya kwanza, mkataba unakaribia kuisha na wewe huongezi. Hapa husitishi kitu, unamjulisha tu kwamba hutaendelea. Usidharau barua hii, maana mikataba mingine imeandikwa kwamba ukikaa kimya mpaka mwezi wa mwisho inajirudia yenyewe kwa muda mwingine uleule. Angalia kama neno hilo lipo kwako.

Hali ya pili, mkataba bado una miezi mbele lakini una kifungu cha kusitisha kwa notisi. Hapa una haki ya kuondoka ili mradi ufuate kifungu hicho kama kilivyoandikwa. Hii ndiyo tutakayoifanyia mfano.

Hali ya tatu, hamna mkataba wa maandishi, au mkataba haukutaja muda wala notisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inauhesabu upangaji wa namna hii kuwa wa vipindi. Kipindi ni kile mnacholipia kodi: kama unalipa kila mwezi, ni mwezi kwa mwezi. Notisi isipungue kipindi kimoja, na iishie kwenye siku ya kulipa kodi. Yaani kama kodi yako ni tarehe 1 ya kila mwezi, usiandike utatoka tarehe 17. Hesabu mpaka kwenye tarehe 1.

Sasa kuna wale ambao mkataba wao ni wa muda maalum, haujaisha, na hauna kifungu chochote cha kusitisha. Ndugu yangu, hapo notisi pekee haikutoi. Mwenye nyumba ana haki ya kudai muda uliobaki. Njia ni kwenda kuzungumza, pengine umtafutie mpangaji mwingine wa kushika nafasi yako, kisha mkikubaliana muandike karatasi ya makubaliano ya kusitisha na msaini wote wawili. Usiandike barua ya notisi ukitaja "haki yangu ya kusitisha" ambayo mkataba haujakupa. Unakuwa umejiandikia ushahidi mwenyewe.

KUHUSU NENO "KUVUNJA"

Kwenye mazungumzo wote tunasema "navunja mkataba". Kwenye barua liache hilo neno. Kuvunja mkataba kuna maana mbili: kuusitisha kwa utaratibu, na kwenda kinyume nao. Mtu anayetaka kukusumbua atachukua maana ya pili, na atasema umekiri mwenyewe. Andika "kusitisha mkataba kwa mujibu wa kifungu cha..." halafu utaje namba.

Vilevile usiandike "naomba kuhama". Ukiomba, unasubiri kukubaliwa, na asipojibu utajikuta mwezi wa tatu bado unasubiri. Kama kifungu kinakupa haki, andika "natoa notisi". Heshima ibaki kwenye lugha na kwenye namna unavyoipeleka barua, lakini kitendo chenyewe kiwe wazi.

TUFANYE MFANO: TAREHE

Tuchukue dada mmoja anayeuza madera na manukato mtandaoni, amepanga chumba Kibiti. Mwenye nyumba anaishi Mbagala. Mkataba ni wa mwaka mmoja, 1 Machi 2025 mpaka 28 Februari 2026. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, inalipwa miezi mitatu mitatu, yaani 180,000 kila tarehe 1 ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Vifungu vinavyomhusu ni hivi:

Kifungu cha 4: amana ni shilingi 60,000, itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya makabidhiano, ikitolewa gharama ya uharibifu kama upo.

Kifungu cha 5: kodi iliyokwisha kulipwa haitarudishwa.

Kifungu cha 7: upande wowote unaweza kusitisha mkataba kwa kutoa notisi ya maandishi ya miezi miwili.

Kifungu cha 9: mpangaji atakabidhi chumba katika hali aliyokikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida.

Dada huyu ameshalipa Septemba mpaka Novemba. Anataka kutoka Novemba ikiisha, asilipe tena. Swali: barua imfikie mwenye nyumba lini?

Tunahesabu kurudi nyuma. Mwisho wa kodi aliyolipa ni 30 Novemba. Toa miezi miwili, unapata 30 Septemba. Kwa hiyo barua inatakiwa iwe mkononi mwa mwenye nyumba si baada ya 30 Septemba. Zingatia hapo, nimesema mkononi mwake. Tarehe uliyoandika juu ya karatasi haitoshi, maana notisi inaanza kuhesabika pale mwenzako anapoipata. Barua iliyoandikwa tarehe 20 ikakaa kwenye droo mpaka tarehe 10 ya mwezi unaofuata ni ya tarehe 10.

Sasa ona akichelewa. Tuseme barua imefika 10 Oktoba. Miezi miwili inaisha 10 Desemba. Tarehe 1 Desemba kodi mpya inadaiwa, na kwa mkataba wake inadaiwa kwa miezi mitatu: 180,000. Kifungu cha 5 kinasema ikishalipwa hairudi. Kwa siku kumi tu za kuchelewesha barua, mwenye nyumba amepata hoja ya kudai laki moja na themanini. Anaweza kubembelezwa akubali za siku kumi tu, ila hapo unategemea huruma yake, mkataba hauko upande wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua siku ya mwisho ya kodi uliyolipa. Rudi nyuma muda wa notisi. Halafu rudi tena siku tano mpaka saba za tahadhari, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kuwa amesafiri, au mvua imekata njia, au simu yake haipatikani. Dada wetu anapanga barua ifike 25 Septemba. Miezi miwili inaisha 25 Novemba, na yeye anaandika tarehe ya kutoka kuwa 30 Novemba. Notisi imetimia, kodi imelipiwa, hakuna siku inayoning'inia.

Angalia pia mkataba wako unasema "miezi" au "siku". Havilingani. Notisi ya miezi miwili iliyofika 30 Septemba inaisha 30 Novemba, lakini ya siku 60 inaisha 29 Novemba. Miezi mitatu kuanzia 1 Julai mpaka 30 Septemba ni siku 92, si 90. Tofauti ni ndogo, ila mtu akitaka ugomvi anaishika hiyohiyo. Ukiwa na shaka, chagua tarehe iliyo mbele zaidi.

Na tarehe iandikwe kamili: siku, mwezi, mwaka. "Mwisho wa mwezi wa kumi na moja" au "kabla ya Krismasi" si tarehe ya kutoka.

HALI YA CHUMBA

Hapa watu wanaandika sentensi moja: "Chumba nakiacha kikiwa katika hali nzuri." Nzuri kwa nani? Wewe unaona rangi imefifia kidogo, yeye anaona ukuta mzima wa kupigwa upya kwa pesa yako.

Andika kwa kutaja kitu kimoja kimoja: mlango na kufuli, idadi ya funguo, dirisha na nyavu, sakafu, kuta, dari au bati, soketi na taa, mita ya luku. Kila kimoja sema kikoje leo, na kama kilikuwa na kasoro ulipoingia, sema ilikuwepo. Kama ulipiga picha siku ya kuingia, hapa ndipo zinapolipa. Kama hukupiga, piga leo, siku unayoandika notisi, halafu piga tena siku ya kukabidhi chumba kikiwa kitupu. Picha za leo zinaonyesha chumba kilikuwaje kabla hujaanza kubeba makabati.

Ukishataja, tenga makundi mawili. Kuna uchakavu wa kawaida: rangi kufifia, sakafu kuchubuka kwa kukanyagwa, bawaba kulegea kwa kufungua na kufunga. Huo ni wa mwenye nyumba. Halafu kuna uharibifu: kioo kilichopasuka, soketi iliyoungua kwa kuchomekwa vitu vingi, matundu ya misumari uliyopigilia shelfu. Huo ni wako, na ni nafuu uurekebishe mwenyewe kabla ya kukabidhi. Kuziba matundu ya misumari na kupaka rangi kipande kile ni kazi ya fundi ya nusu siku. Ukimwachia mwenye nyumba akate kwenye amana, atakata kwa bei yake.

Huku kwetu bondeni kuna mambo mawili yanayoleta ubishi sana. La kwanza ni maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyopiga Rufiji na Kibiti yaliacha alama kwenye majengo mengi: ukuta wa chini unabanduka rangi, plasta inavimba, unga mweupe wa chumvi unatoka. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi hausababishwi na mpangaji aliyeweka maboksi ya nguo. Lakini ukiuacha bila kuutaja, miezi sita baadaye utaonekana ni kazi yako. Andika: "Ukuta wa nyuma umebanduka rangi kwa unyevu kutoka chini, takribani futi mbili kutoka sakafuni, hali iliyokuwepo nilipoingia." Pima kwa utepe, piga picha utepe ukionekana.

La pili ni mchwa. Fremu ya mlango inaliwa kwa ndani, siku ya kuhama mnagonga na kabati, kipande kinaanguka, unaambiwa umevunja mlango. Gonga fremu kwa kidole kabla hujaandika barua. Ikitoa sauti tupu, au ukiona njia ya udongo imepanda, itaje kwenye barua. Na ukiona tatizo kama hilo katikati ya mkataba, mjulishe siku hiyohiyo kwa ujumbe, usingoje siku ya kuhama.

Mwisho, vitu ulivyoongeza mwenyewe. Grili uliyochomelea dirishani, taa za nje, shelfu zilizofungwa ukutani. Soma mkataba unasemaje, maana mingine inasema chochote kilichojengewa kinabaki. Kama mkataba uko kimya, andika kwenye notisi unataka kutoa nini na kwamba utarekebisha sehemu ulipokitoa. Kung'oa grili usiku wa kuamkia kuhama bila kusema kunageuza makabidhiano kuwa kesi.

BARUA YENYEWE

Hii hapa barua ya dada wetu. Badilisha majina, namba na tarehe ziwe zako.

(Jina lako kamili)
Simu: ..................
Kibiti, Pwani.
22 Septemba 2025

Kwa: Ndugu .................. (jina kama lilivyo kwenye mkataba)
Mbagala, Dar es Salaam.

YAH: NOTISI YA MIEZI MIWILI YA KUSITISHA MKATABA WA PANGO, CHUMBA CHA OFISI NAMBA 3, KIBITI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Rejea mkataba wetu wa pango wa chumba tajwa, ulioanza 1 Machi 2025 na unaotarajiwa kuisha 28 Februari 2026.

2. Kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha mkataba huo, natoa notisi ya maandishi ya miezi miwili ya kusitisha mkataba. Siku yangu ya mwisho ya kukitumia chumba itakuwa 30 Novemba 2025.

3. Kodi imelipwa mpaka 30 Novemba 2025. Risiti ya malipo ya mwisho, shilingi 180,000, ni ya 1 Septemba 2025.

4. Kwa mujibu wa kifungu cha 9, hali ya chumba leo ni kama ifuatavyo:
(a) Mlango na kufuli vinafanya kazi. Funguo ni mbili.
(b) Dirisha ni zima. Wavu ulikuwa umechanika nilipoingia.
(c) Sakafu ni nzima, ina michubuko ya matumizi ya kawaida.
(d) Ukuta wa nyuma umebanduka rangi kwa unyevu kutoka chini, takribani futi mbili kutoka sakafuni, hali iliyokuwepo nilipoingia.
(e) Ukuta wa kushoto una matundu manane ya shelfu. Nitayaziba na kupaka rangi kabla ya kukabidhi.
(f) Soketi mbili na taa moja vinafanya kazi. Mita ya luku haina deni.

5. Naomba tukutane chumbani 30 Novemba 2025 saa 4 asubuhi kwa ajili ya ukaguzi na makabidhiano ya funguo. Kama siku hiyo haikufai, naomba unipangie siku nyingine kabla ya hapo.

6. Amana yangu ya shilingi 60,000 naomba irudishwe ndani ya siku 14 baada ya makabidhiano, kwa mujibu wa kifungu cha 4, kupitia namba ..................

Nakushukuru kwa ushirikiano wako kipindi chote nilichokuwa mpangaji wako.

Wako,
(Sahihi na jina)

Nimepokea barua hii leo tarehe ..................
Jina ..................  Sahihi ..................

Ukiitazama vizuri, haielezi kwa nini anahama. Haina haja. Kifungu cha 7 hakitaki sababu. Ukiandika "nahama kwa sababu paa linavuja" umefungua mjadala wa paa, wakati unachotaka ni kutoka tarehe 30. Kama paa linavuja, liweke kwenye hali ya chumba, linatosha hapo.

KUIPELEKA

Kabla ya karatasi, tanguliza mdomo. Mpigie au nenda: "Shikamoo mzee. Nimekuja kukutaarifu, mkataba wetu nitaufikisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja, barua nimekuja nayo." Mzee anayepokea barua bila kutanguliziwa neno anaona umempeleka mahakamani. Ila usiishie kwenye mdomo. "Si nilikwambia kwenye simu" haihesabiki kuwa notisi ya maandishi.

Chapisha nakala mbili. Moja unamwachia, nyingine anasaini pale chini na kuandika tarehe, unarudi nayo. Akikataa kusaini, usigombane. Mpe mbele ya shahidi, mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji, na shahidi huyo aandike kwenye nakala yako kwamba barua imekabidhiwa mbele yake, tarehe na saa.

Mwenye nyumba akiwa mbali, angalia kwanza mkataba unasema mawasiliano rasmi yapite wapi. Kama haukusema, mtumie picha ya barua iliyosainiwa kwa WhatsApp, mwombe ajibu "nimeipata", na bado nakala ya karatasi mfikishie. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo ujumbe huo si bure. Lakini kama mkataba unataka barua mkononi, ujumbe ni msaada wa barua, haichukui nafasi yake. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na jibu lake.

Dalali si mwenye nyumba. Mlinzi wa jengo si mwenye nyumba. Notisi inamfuata aliyesaini mkataba, au mtu ambaye mkataba umemtaja kuwa anamwakilisha. Kama mwenye nyumba amefariki katikati, barua inakwenda kwa msimamizi wa mirathi. Usimpe mtoto yeyote anayekuja kukusanya kodi, maana kesho anakuja mwingine na kusema haijui hiyo barua.

SIKU YA KUKABIDHI

Nenda na barua yako, picha na kalamu. Chumba kiwe kitupu na kimefagiliwa. Pitieni pamoja orodha ya kipengele cha 4, moja moja. Andikeni karatasi fupi: tarehe, funguo ngapi zimekabidhiwa, namba inayosomeka kwenye mita, kasoro mlizokubaliana na gharama yake, kiasi cha amana kitakachorudi na lini. Wote msaini.

Kuhusu luku, ingiza namba ya mita uangalie kama haijabeba deni, na uniti zilizobaki ziandike. Kama risiti zako zinaonyesha makato ya kodi ya jengo, hiyo ni kodi ya mwenye jengo, wewe umeilipa kwa niaba yake kwa sababu tu unanunua umeme. Kama mkataba haukusema ni juu yako, jumlisha risiti na umwonyeshe mkiwa mnahesabu amana.

Asipotokea siku hiyo, usiondoke na funguo mfukoni. Ukibaki na funguo anaweza kusema hujatoka, na kodi inaendelea kuhesabika. Mwite mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie chumba kikiwa kitupu, pigeni picha, mwandikie mwenye nyumba ujumbe siku hiyohiyo kwamba chumba kiko wazi na funguo ziko wapi.

Na usifanye ule mchezo wa "amana itakata kodi ya mwezi wa mwisho" bila kukubaliana naye kwa maandishi. Amana ni ya uharibifu. Ukiacha kulipa kodi, ni wewe uliyekwenda kinyume na mkataba, na ile barua yako nzuri inapoteza nguvu.

Akigoma kurudisha amana wakati kila kitu kiko sawa, mwandikie barua ya pili fupi ukitaja kifungu cha amana, tarehe ya makabidhiano na kiasi. Ikishindikana, anzeni na usuluhishi. Vijijini kuna baraza la ardhi la kijiji, na kazi yake ni kusuluhisha. Hapo mkataba, nakala iliyosainiwa, picha na karatasi ya makabidhiano ndivyo vitakavyosema. Mwenye maneno matupu anachoka mapema.

Jambo la mwisho, leseni yako ya biashara na taarifa zako TRA zinataja mahali unapofanyia kazi. Ukishajua tarehe ya kutoka, panga na siku ya kwenda kubadilisha anwani, usije ukawa Bungu wakati makaratasi yako bado yanasema Kibiti.

Kwa leo chukua kazi moja tu: fungua mkataba wako, tafuta kifungu cha notisi na tarehe ya mwisho ya kodi uliyolipa. Hesabu kurudi nyuma, toa siku saba, hiyo tarehe iandike kwenye kalenda ya simu. Hata kama huhami mwaka huu, ijue. Kama mkataba wako hauna kifungu hicho kabisa, sasa umejua cha kuomba kiongezwe siku ya kuhuisha.

Hifadhi posti hii, na mtumie mwenzako anayefungasha mizigo kwenye chumba cha kupanga.